Geti Wazi, Vyumba Vimefungwa: Kushea Folda Ofisini kwa Windows

Chukua ofisi ndogo ya duka la vifaa vya ujenzi. Kuna kompyuta nne za Windows kwenye ruta moja, hakuna seva, wala hakuna fundi wa kudumu. Kompyuta ya mhasibu ndiyo yenye diski kubwa, kwa hiyo meneja ameamua mafaili yote ya kazi yakae humo, kwenye folda iitwayo Kazi ndani ya diski D. Ndani ya Kazi kuna folda tatu: Ankara, Fomu na Mishahara. Makarani wawili wa kaunta wanatakiwa waandike ankara zao, wasome fomu, na mishahara wasiiguse kabisa.

Meneja anaishea folda, anafungua ukurasa wa Security, anampa karani wa kwanza ruhusa ya kuandika, kisha anampigia simu kaunta ajaribu. Karani anaiona folda, anafungua ankara ya jana na kuisoma bila shida. Akitaka kuhifadhi ankara mpya, Windows inamkatalia.

"Bosi, inasoma lakini haisevu."

Meneja anapandisha ruhusa ya karani hadi ya juu kabisa, Full control. Bado haisevu. Anahangaika huku na huku mpaka anakuta kitufe kingine chenye neno Permissions, safari hii kwenye ukurasa wa Sharing. Ndani yake mna jina moja tu, Everyone. Analipa Full Control. Sasa inasevu, na watu wanarudi kazini. Mwisho wa mwezi karani wa pili, ambaye meneja hakuwahi kumtaja popote, anabofya Mishahara na folda inafunguka. Anaweza kusoma, kubadili, na hata kufuta.

Windows haijaharibika hapo. Kulikuwa na makosa mawili tangu siku ya kwanza, na lile la kwanza lilikuwa limelifunika la pili. Kuyaelewa kunahitaji jambo moja tu: folda iliyosheiwa ina orodha mbili za ruhusa, si moja, na kila orodha inalinda kitu chake.

Orodha mbili, kazi mbili

Orodha ya kwanza ni ruhusa za kushea. Hupatikana kwa kubofya folda kitufe cha kulia cha kipanya, Properties, kisha Sharing, Advanced Sharing, Permissions. Ina ngazi tatu tu. Read humruhusu mtu kusoma na kunakili. Change huongeza kuandika, kubadili na kufuta. Full Control huongeza uwezo wa kubadili ruhusa zenyewe.

Orodha ya pili ni ruhusa za usalama, zilizo kwenye ukurasa wa Security wa folda hiyohiyo. Hizi huandikwa ndani ya diski yenyewe, kwenye mfumo wa mafaili unaoitwa NTFS, na zina ngazi nyingi zaidi. Kwa kazi za kila siku tatu zinatosha kuzijua: Read & execute ni kusoma na kufungua, Modify ni kusoma, kuandika na kufuta, na Full control ni yote hayo pamoja na kubadili ruhusa na kujitwalia umiliki. Ruhusa za usalama zinaweza kuwekwa kwenye kila folda ndogo, hata kwenye faili moja moja, jambo ambalo ruhusa za kushea haziwezi.

Fikiria nyumba ya kupanga yenye geti moja na vyumba vingi. Ruhusa za kushea ni geti. Ruhusa za usalama ni makufuli ya vyumba. Anayetoka nje, yaani anayeingia kupitia mtandao, hupita geti kwanza kisha hukutana na kufuli la chumba, na vyote viwili sharti vimkubalie. Aliyeko ndani ya uwanja tayari, yaani aliyeketi mbele ya kompyuta yenyewe, halioni geti kabisa. Kwake yeye yapo makufuli ya vyumba tu.

Kutokana na hapo linafuata jambo ambalo wengi hulisahau: ruhusa za kushea ni mali ya geti, si mali ya folda. Nyumba inaweza kuwa na mageti mawili. Meneja akiishea Kazi kwa jina moja, kisha akaishea Mishahara peke yake kwa jina jingine na kuiwekea Read tu, anadhani mishahara imekuwa ya kusomwa tu. Lakini anayeingia kwa njia ya `\\OFISI\Kazi\Mishahara` amepita geti la Kazi, na masharti ya lile geti jingine hayamhusu hata kidogo.

Kwa nini karani alisoma bila kusevu

Kanuni ya kuunganisha orodha hizi ni fupi. Kwa anayeingia kupitia mtandao, Windows hutafuta jumla ya ruhusa zake kwenye orodha ya kushea, ikatafuta pia jumla yake kwenye orodha ya usalama, kisha ikampa yale tu yanayokubaliwa na zote mbili. Kwa lugha nyepesi, orodha yenye ukali zaidi ndiyo inayoshinda.

Turudi dukani. Meneja alipoishea folda kwa Advanced Sharing, Windows yenyewe iliandika kwenye orodha ya kushea mstari mmoja: Everyone, Read. Huo ndio mwanzo wa kawaida wa kila folda inayosheiwa kwa njia hiyo. Kwenye usalama karani alikuwa na ruhusa ya kuandika, na baadaye Full control. Geti linasema soma tu, chumba kinasema fanya utakalo. Kinachokubaliwa na wote wawili ni kusoma. Ndiyo maana kupandisha ruhusa za usalama hakukubadilisha chochote: alikuwa anafungua kufuli ambalo lilikwisha kuwa wazi, huku geti likiwa palepale.

Alipompa Everyone Full Control getini, kizuizi hicho kiliondoka, na hapo ndipo kosa la pili likajitokeza. Folda mpya ikiundwa kwenye diski D, hurithi ruhusa za usalama kutoka kwenye mzizi wa diski hiyo. Kwenye diski ya data iliyofomatiwa kwa Windows, mzizi huo kwa kawaida humpa Modify mtu yeyote aliyeingia kwa akaunti halali. Unaweza kuyaona haya kwa kufungua Command Prompt na kuandika:

```
icacls D:\Kazi\Mishahara
```

Kati ya mistari itakayotokea, miwili ya kuangalia ni hii:

```
NT AUTHORITY\Authenticated Users:(I)(M)
BUILTIN\Users:(I)(RX)
```

Herufi `(I)` maana yake ruhusa hiyo imerithiwa, haikuwekwa hapo na mtu. `(M)` ni Modify, na `(RX)` ni Read & execute. Kwa hiyo folda ya Mishahara ilikuwa wazi kwa kila mwenye akaunti tangu ilipozaliwa. Kilichozuia watu wasiifute ni lile geti la Read, na kusoma wangeweza tangu mwanzo kama wangejaribu.

Funzo la kisa hiki ndilo linalofuatwa na mafundi wengi: usitumie geti kupanga nani afanye nini. Lifungue kwa wafanyakazi wote kwa kiwango kinachotosha kazi, kisha panga kila kitu kwenye makufuli ya vyumba. Hivyo kunakuwa na sehemu moja tu ya kutafuta jibu, na ulinzi unabaki hata kwa mtu aliyeketi kwenye kompyuta ya mhasibu, au aliyepita geti jingine. Hata njia fupi ya Windows yenyewe, ile ya kubofya folda na kuchagua Give access to, hufanya hivyo kimyakimya: huliacha geti wazi, na majina uliyoyachagua huyaandika kwenye Security.

Kwanza, mtu ajulikane

Ruhusa huandikwa kwa jina. Pasipo seva ya kutunza majina ya watu wote, kompyuta iliyobeba folda hutambua akaunti zilizomo ndani yake tu. Jina ambalo karani anatumia kuingilia kwenye kompyuta ya kaunta halina maana yoyote kwa kompyuta ya mhasibu mpaka nayo iwe na akaunti hiyo.

Kwa hiyo kila mtu atengenezewe akaunti kwenye kompyuta ya mhasibu, ambayo hapa tumeipa jina OFISI. Fungua Command Prompt kwa kuchagua Run as administrator, kisha:

```
net user karani1 * /add
net localgroup Wafanyakazi /add
net localgroup Wahasibu /add
net localgroup Wafanyakazi karani1 /add
```

Nyota kwenye mstari wa kwanza huifanya Windows iulize nenosiri bila kulionyesha kwenye skrini. Rudia mstari wa kwanza kwa kila asiye na akaunti kwenye kompyuta hiyo, na wa mwisho kwa kila mmoja wa wale wanne: makarani wawili, mhasibu na meneja, kila mmoja kwa jina la akaunti yake. Kisha waweke mhasibu na meneja kwenye Wahasibu pia. Amri hizi zinafanya kazi hata kwenye Windows ya toleo la Home, ambalo halina dirisha la kusimamia vikundi.

Usiache akaunti bila nenosiri. Windows kwa kawaida hukataa akaunti tupu isiingie kupitia mtandao, hata kama mezani inaingia vizuri. Vilevile PIN ya tarakimu nne anayotumia mtu kufungulia kompyuta yake haisaidii hapa, kwa sababu ni ya kompyuta ile moja tu. Karani akiulizwa kwa mara ya kwanza, aandike `OFISI\karani1` na nenosiri la akaunti hiyo, kisha atie tiki Remember my credentials.

Pia mtandao wa kompyuta ya mhasibu uwe umewekwa Private, si Public, na kwenye Advanced sharing settings vipengele vya Network discovery na File and printer sharing viwe vimewashwa kwa mtandao huo wa Private. Bila hivyo hakuna atakayeliona hata geti.

Kupanga upya

Sasa meneja anarudi kwenye folda ya Kazi. Kazi yake ina sehemu mbili.

Ya kwanza ni geti, na ni ya dakika moja. Kwenye Sharing, Advanced Sharing, Permissions, anamwondoa Everyone na kuongeza kikundi cha Wafanyakazi chenye Change na Read. Mbona si Full Control? Kwa sababu kila anayeunda faili anakuwa mmiliki wake, na mmiliki ana haki ya kubadili ruhusa za faili lake hata kama kwenye orodha amepewa Modify tu. Karani aliyekasirika anaweza kuwafungia wenzake ankara alizoziandika yeye. Change getini huizuia haki hiyo kwa wote wanaoingia kupitia mtandao, bila kuwazuia kuandika wala kufuta. Hapo ndipo geti lina kazi ambalo kufuli peke yake haliifanyi vizuri.

Sehemu ya pili ni makufuli. Kwenye Security ya Kazi, meneja akijaribu kumwondoa Authenticated Users moja kwa moja, Windows itamwambia haiwezekani kwa sababu ruhusa hiyo imerithiwa kutoka juu. Lazima aukate urithi kwanza: Advanced, kisha Disable inheritance. Dirisha litamuuliza achague moja kati ya mawili. Achague Convert inherited permissions into explicit permissions on this object, inayoziacha ruhusa zilivyo lakini zikiwa mali ya folda hii. Lile chaguo jingine hufuta zote zilizorithiwa kwa mkupuo, na anayelichagua kwa haraka anaweza kujikuta amejifungia nje yeye mwenyewe.

Baada ya hapo anaondoa Authenticated Users na Users, pamoja na ile Full control aliyompa karani wakati wa kuhangaika. SYSTEM na Administrators waachwe. Kisha anaongeza mistari miwili: Wafanyakazi wapewe Read & execute, na Wahasibu wapewe Modify. Ruhusa hizi zitateremka zenyewe hadi kwenye folda zote tatu.

Folda ya Fomu haihitaji kingine chochote: wafanyakazi wanasoma, wahasibu wanaandika. Kwenye Ankara anaongeza mstari mmoja, Wafanyakazi wapewe Modify. Kwenye Mishahara anakata urithi tena kwa njia ileile, kisha anamwondoa Wafanyakazi, wakabaki Wahasibu, SYSTEM na Administrators.

Jaribu sasa hesabu ya karani. Kwenye Ankara, geti linasema Change na chumba kinasema Modify: atasoma, ataandika na atafuta. Kwenye Fomu, geti linasema Change lakini chumba kinasema Read & execute: atasoma tu. Kwenye Mishahara, geti linasema Change na chumba hakimtaji popote: hapati kitu. Jina la folda ya Mishahara ataendelea kuliona kwenye orodha, lakini akilibofya atakataliwa. Na akienda kuketi kwenye kompyuta ya mhasibu na kuingia kwa akaunti yake mwenyewe, atapata yaleyale, kwa sababu mipaka yote imewekwa vyumbani.

Mtu mmoja, vikundi viwili

Mhasibu yumo kwenye Wafanyakazi na kwenye Wahasibu. Kwenye Fomu, kikundi kimoja kinampa kusoma na kingine kinampa Modify. Je, hapa nako mkali ndiye mshindi? La, na hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Ndani ya orodha moja ruhusa hujumlishwa: mhasibu anapata kila alichopewa na vikundi vyake vyote, kwa hiyo anapata Modify. Ukali hutumika tu pale jumla ya orodha moja inapolinganishwa na jumla ya orodha nyingine. Kwanza jumlisha ndani ya kila orodha, kisha linganisha.

Kinachoweza kuvunja jumla hiyo ni safu ya Deny. Tuseme meneja, badala ya kumwondoa Wafanyakazi kwenye Mishahara, angemtilia tiki Deny. Lengo ni kuwazuia makarani, lakini mhasibu na meneja nao ni wafanyakazi. Katika folda hiyo Deny iliyoandikwa pale pale hushinda ruhusa zozote za upande wa Allow, na wote wawili wangefungiwa nje ya mafaili yao siku ya kulipa. Katika ofisi ya watu wanne Deny haihitajiki karibu kamwe. Asiyetajwa kwenye orodha hana ruhusa, na hilo linatosha.

Jambo moja dogo huwapotezea watu saa nzima: mtu akiongezwa kwenye kikundi, mabadiliko hayaonekani papo hapo. Vikundi vya mtu husomwa anapoingia. Karani atoke kwenye Windows yake, aingie tena, ndipo ajaribu.

Yanayoharibika baadaye

Mpangilio ukikaa miezi kadhaa, kuna faili litakaloanza kuleta maneno. Mfano wa kawaida: mhasibu ametengeneza fomu mpya ya likizo akiwa ndani ya folda ya Mishahara, kisha akaikata na kuibandika kwenye Fomu. Yeye anaifungua, makarani wanakataliwa, ilhali fomu nyingine zote katika folda hiyo wanazisoma. Sababu ni kwamba faili linalohamishwa ndani ya diski ileile linaweza kubaki na ruhusa zake za zamani, zile za Mishahara. Faili linalonakiliwa huzaliwa upya na kurithi ruhusa za folda linakofikia. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye kompyuta ya mhasibu, unaoliambia faili lisahau ya zamani na kurithi ya hapo lilipo:

```
icacls "D:\Kazi\Fomu\Likizo.docx" /reset
```

Kikwazo kingine ni diski ya nje. Diski nyingi za kuchomeka na flashi hufomatiwa kwa exFAT au FAT32, na mifumo hiyo haina nafasi ya kuandika ruhusa za usalama. Ukifungua Properties ya folda iliyo humo, ukurasa wa Security haupo. Hapo geti ndilo ulinzi wote uliopo: ukitoa Change, kila aliyeruhusiwa kupita anaweza kufuta kila kilichomo. Nyumbani hilo huenda lisiwe tatizo, kwa mfano folda ya picha za familia iliyoshewa kwa Read ili kila mtu azitazame. Kwa mishahara haifai. Diski ya kazi za ofisi iwe NTFS.

Ikikataa, usibofye ovyo

Windows ikigoma, ujumbe inaoutoa unaonyesha ni hatua ipi iliyokwama, na kila ujumbe una dawa yake.

Ukiona `0x80070035` na maneno kwamba njia ya mtandao haikupatikana, acha ruhusa kabisa. Ombi halikufika hata getini. Angalia kama kompyuta ya mhasibu imewashwa na haijalala, kama mtandao wake ni Private, na kama jina limeandikwa sawasawa.

Ukiona dirisha la kuomba jina na nenosiri linalorudi kila unapolijaza, ombi limefika lakini mtu hajatambulika. Tatizo ni akaunti: haipo, haina nenosiri, au mtu ameandika PIN. Mara nyingine Windows ya kaunta imehifadhi nenosiri la zamani na inalituma bila kuuliza. Lifute kwenye Credential Manager, kisha ujaribu upya.

Ukiambiwa huna ruhusa, hapo sasa ni zile orodha mbili, na swali ni ipi kati yake. Kuna jaribio moja linalokata shauri. Mwite karani aketi kwenye kompyuta ya mhasibu, aingie kwa akaunti yake ya `karani1`, afungue `D:\Kazi\Ankara` moja kwa moja kwenye diski na kuhifadhi faili la majaribio. Mezani halioni geti. Akifanikiwa mezani lakini akashindwa kupitia mtandao, kosa liko kwenye ruhusa za kushea. Akishindwa hata mezani, kosa liko kwenye Security, na kugusa geti hakutasaidia. Meneja wetu angefanya jaribio hili siku ya kwanza, angejua kwamba Security haikuwa na tatizo, na asingepandisha ruhusa za karani hadi juu.

Jaribu pia kinyume chake, kwa sababu makosa ya kuzuia watu hulalamikiwa siku hiyohiyo, lakini makosa ya kuwafungulia hayalalamikiwi na mtu. Ingia kama karani kupitia mtandao, bofya Mishahara, na uhakikishe umekataliwa.

Ruhusa hizi zina mwisho wake. Mwenye akaunti ya Administrators kwenye kompyuta ya mhasibu anaweza kujitwalia umiliki wa folda yoyote, kwa hiyo makarani wasiwekwe kwenye kikundi hicho hata kwa siku moja ya kusakinisha programu. Na anayeichomoa diski na kuifunga kwenye kompyuta yake mwenyewe atakuwa msimamizi huko, makufuli yote yakiwa mikononi mwake. Dhidi ya huyo kinachosaidia ni kuifanya diski isisomeke bila ufunguo, kwa mfano kwa kutumia BitLocker.

Karani akiacha kazi, meneja hahitaji kuzungukia folda moja baada ya nyingine, kwa kuwa jina lake halijaandikwa kwenye folda yoyote. Limo kwenye kikundi tu. Amri hii moja inaifunga akaunti, na ankara alizoandika zinabaki mahali pake:

```
net user karani1 /active:no
```